Ukurasa Mmoja Kabla ya Tangazo la Juisi

Ujumbe huingia WhatsApp saa nne usiku: "Kaka, naomba posti kali za juisi yetu mpya. Ziwe za kuchangamka, za kisasa, zenye mvuto. Tunazihitaji Ijumaa. Picha ya chupa hiyo hapo." Chini yake kuna picha ya chupa iliyopigwa juu ya meza ya ofisi, nyuma yake kinaonekana kikombe cha chai na waya wa chaja.

Dizaina anayejua kazi yake hatashindwa kutoa kitu. Ataweka mandhari ya njano, matone ya maji, majani mabichi pembeni, vipande vya embe na nanasi vinavyoruka hewani, na maneno "Onja Utamu wa Asili". Ijumaa atatuma. Jumamosi atajibiwa kwamba nzuri, ila bado kuna kitu kinakosekana. Wiki mbili baadaye watakuwa kwenye toleo la saba, kila mmoja akimwona mwenzake mgumu kuelewa. Ukiliangalia tangazo lenyewe utaona tatizo lilipo: ukibandika nembo ya juisi nyingine yoyote ya mjini, linafaa vilevile. Hakuna aliyemwambia dizaina juisi hii inatofautiana vipi na ile iliyo jirani yake kwenye friji la duka.

Maelezo hayo hukaa kwenye waraka mfupi ambao watu wa matangazo huuita brifu. Mtu wa masoko huuandika na kumkabidhi dizaina kabla hajafungua kompyuta. Ukurasa mmoja unatosha. Kuujaza si kazi ngumu, kwa kuwa kila mwenye bidhaa ana mengi ya kuisifia. Ugumu upo katika kukata. Anayeandika anatakiwa aamue jambo moja litakalosemwa, na akubali kuyaacha mengine mazuri nje.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate mpaka mwisho. Karakana ndogo ya Dar es Salaam inatengeneza juisi ya ukwaju. Inauzwa kwenye chupa ya plastiki angavu ya mililita 350, kwa Sh 1,000, na kwa kuanzia imepelekwa kwenye maduka ya Sinza, Kinondoni na Ubungo. Kuna dada mmoja anayeshughulikia masoko, na kuna dizaina anayejitegemea. Zinatakiwa posti za kulipia za Facebook na Instagram.

Swali la kwanza ni mnunuzi. Kwenye brifu nyingi utakuta "vijana wa kike na wa kiume, miaka 18 hadi 35, wapenda afya". Dizaina hawezi kuchora kitu kutokana na sentensi hiyo, maana umri hauna sura. Dada wa masoko akienda kusimama kwenye duka moja la Sinza mchana kutwa, ataona jambo ambalo hakulitegemea: wanaoinunua ukwaju wake si watu walioacha soda. Ni watu ambao tayari wanakunywa ukwaju. Wanaununua kwa mama anayetengeneza nyumbani na kuujaza kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, kwa bei ya chini zaidi. Wanaupenda. Kinachowakera ni kwamba hawajui maji yametoka wapi na chupa imeoshwaje, kwa hiyo siku wanapokuwa na shilingi za ziada huchagua wenye kizibo kilichofungwa kiwandani.

Hapo ndipo brifu inapozaliwa, na sentensi yake kuu inaandikika: "Ni ukwaju uleule unaoujua, umefungwa." Mengine yote ya kusifia, kwamba ukwaju umetoka shamba fulani, kwamba chupa inarejelezwa, kwamba mmiliki alianza na sufuria moja, yanaweza kungoja. Mtu anayepitisha kidole kwenye simu akiwa ndani ya daladala hakai juu ya tangazo kwa muda wa kusoma mambo manne.

Lakini sentensi hiyo ina mtego, na brifu inayojua kazi yake inautaja. Dizaina akiachiwa mwenyewe "umefungwa" anaweza kuchora chupa chafu upande mmoja na chupa safi upande mwingine. Lingekuwa tangazo baya. Lingemtukana mama anayeuza ukwaju mtaani, ambaye pengine ni mama wa huyo mnunuzi, na lingemwambia mnunuzi kwamba miaka yote amekuwa akinywa uchafu. Watu hawapendi kununua kutoka kwa aliyewadharau. Kwa hiyo kwenye brifu unaandikwa mstari: usafi uonyeshwe kwa kizibo na pete yake ambayo haijakatika, ukwaju wa mtaani usionyeshwe wala usitajwe.

Sasa tuje kwenye picha, ambako ukwaju unasumbua kuliko embe au pasheni. Juisi ya embe ina rangi inayojiuza yenyewe. Ukwaju ni wa kahawia na una utando, na chini ya taa ya dari unafanana na maji ya dimbwi. Hili si kosa la mpiga picha. Kinywaji chenye chembechembe hakipitishi mwanga kirahisi, kwa hiyo mwanga ukitoka mbele au juu hugonga uso wa chupa na kurudi, na ndani panabaki giza. Mwanga unatakiwa utokee nyuma ya chupa, umeinama kidogo kwa pembeni. Wapiga picha za vinywaji hukata kipande cha karatasi nyeupe au cha foili kwa umbo la chupa na kukisimamisha nyuma yake, mahali kamera isipokiona, ili kirudishe mwanga ndani ya kinywaji. Kahawia hugeuka kuwa rangi ya kaharabu, na kuna ukwaju unaotamanika.

Kazi hiyo itafanywa na mpiga picha au dizaina, lakini brifu ndiyo inayoamua kama itafanyika. Ikiwa imeambatanishwa picha ya mezani yenye kikombe cha chai, dizaina atalazimika kuipaka rangi kwenye kompyuta, na hapo ukwaju huishia kuwa wa rangi ya chungwa. Mteja akifungua chupa atakuta kitu kingine. Kwa hiyo iandikwe wazi kwamba rangi ya kinywaji isibadilishwe kupita ile inayoonekana kwenye mwanga wa dirishani. Ukwaju pia hutuama, hivyo chupa itikiswe kabla ya kila picha, vinginevyo nusu ya juu itaonekana kama chai iliyopoa. Matone ya ubaridi kwenye chupa hayakai kwa muda mrefu, hasa kwenye joto la Dar es Salaam. Wapigaji hunyunyizia maji yaliyochanganywa na gliserini, ambayo hushika bila kuteremka.

Mandhari nayo. Mazoea yangempeleka dizaina kwenye meza ya mbao na maganda ya ukwaju, kwa kuwa inaonekana "ya asili". Kahawia juu ya kahawia humeza kila kitu. Rangi ya chungwa iliyokolea, ambayo ndiyo mzizi wa kahawia, inakabiliana na buluu kwenye duara la rangi, kwa hiyo mandhari ya buluu iliyopoa huuchomoza ukwaju mbele. Mimi ningeiandika kama pendekezo tu. Brifu inayomwamuru dizaina kila rangi na kila herufi imemgeuza kuwa mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo kwa kawaida hajasomea kazi hiyo. Mwenye masoko aseme tatizo kwa undani: kahawia inaonekana chafu kwenye simu yenye mwanga mdogo. Dawa aiache kwa fundi.

Kuna mambo machache, hata hivyo, ambayo ni ya kuamuru. La kwanza ni maneno yanayogusa sheria. Kila mwenye juisi anatamani kuandika "juisi asilimia 100". Kwa ukwaju ni dai gumu kulitetea. Chungwa hukamuliwa likatoa juisi yake. Ukwaju hauna maji ya kukamua. Nyama yake hulowekwa majini, huchujwa, na mara nyingi huongezewa sukari. Viwango vya kimataifa vya Kodeksi, vinavyosimamiwa na mashirika ya FAO na WHO, vina waraka wa mwaka 2005 unaotenganisha juisi na nekta, yaani kinywaji cha tunda kilichoongezwa maji. Waraka huohuo unataka picha ya tunda kwenye lebo isimpotoshe mnunuzi. Ingawa unazungumzia lebo, busara yake inafaa kwenye tangazo pia: yale maembe na mananasi yanayoruka kwenye posti ya ukwaju hayana kazi pale. Neno "inatibu" nalo likae mbali, hata kama kila bibi anajua ukwaju unasaidia tumbo. Miongozo ya Kodeksi kuhusu madai ya vyakula, ya tangu mwaka 1979, inakataza kwa jumla kukiuza chakula kama kinga au tiba ya ugonjwa. Hapa Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Alama ya ubora ya shirika hilo hutumiwa na mwenye leseni yake. Kama leseni haijatoka, dizaina aambiwe asiichomeke pembeni kwa kuijaza nafasi, jambo ambalo hutokea kuliko mtu anavyodhani.

La pili la kuamuru ni kitakachobaki vilevile kwenye kila posti. Mwaka 2009 kampuni ya PepsiCo ilibadilisha sura ya boksi la juisi ya chungwa ya Tropicana nchini Marekani. Iliondoa picha ya chungwa lililochomekwa mrija, ambayo watu waliizoea, ikaweka picha ya glasi ya juisi. Juisi ndani ilikuwa ileile. Katika muda usiofika miezi miwili mauzo yalishuka kwa takribani asilimia 20, na kampuni ikatangaza kulirudisha boksi la zamani. Wanunuzi wengi walipita mbele ya rafu bila kuitambua. Chapa mpya haina chungwa wala mrija ambao watu wanaukumbuka, kwa hiyo inalazimika kuchagua chake siku ya kwanza na kukishikilia. Kwenye mfano wetu chaguo zuri ni kizibo. Kiwe chekundu, kionekane kwenye kila posti, kisikatwe na ukingo wa picha. Kinabeba pia ile sentensi kuu ya "umefungwa".

Kisha yanakuja mambo ya vipimo, ambayo hayana utamu lakini ndiyo yanayozaa ugomvi. Dada wa masoko akisema "matangazo matatu" anamaanisha mawazo matatu. Dizaina anasikia faili tatu. Kila wazo linahitaji umbo la kukaa kwenye mtiririko wa posti, pikseli 1080 kwa 1350, na umbo la kusimama la stori, pikseli 1080 kwa 1920. Mawazo matatu ni faili sita, na la kusimama halipatikani kwa kuivuta lile la kwanza. Kwenye stori sehemu ya juu, karibu asilimia 14, hufunikwa na jina la ukurasa, na karibu asilimia 20 ya chini hufunikwa na kitufe. Bei ikiwekwa huko chini haitaonekana. Kitufe chenyewe cha kufungua WhatsApp huwekwa na Facebook na Instagram, kwa hiyo dizaina asichore kingine ndani ya picha. Watu hukigusa kile cha bandia na hakuna kinachofunguka.

Bado wapo wanaowaambia madizaina kwamba maandishi yasizidi asilimia 20 ya picha. Facebook iliachana na kikomo hicho mwaka 2020. Ushauri wa kuandika machache umebaki na maana, kwa sababu ya udogo wa simu. Maneno yote yatakayokuwa juu ya picha yaandikwe kwenye brifu kwa ukamilifu, herufi kwa herufi, pamoja na namna ya kuandika bei. Dizaina akiachiwa abuni maneno, bei ya Sh 1,000 itatoka kama "1000/= tu!!" kwenye posti moja na "TSh 1,000" kwenye nyingine. Maelezo yanayokaa nje ya picha yana mwandishi wake, naye akumbuke kwamba kwenye simu huonekana takribani herufi 125 tu kabla ya kukatwa.

Kwa nini mawazo matatu kwa sentensi moja? Ili kujua kipi kinamvuta mtu. Posti ya kwanza inaweka chupa na maganda ya ukwaju, inasema ladha. Ya pili inakaribia kizibo mpaka pete yake ionekane. Ya tatu inaweka chupa kaunta ya duka, pamoja na bei na mitaa inakopatikana. Masharti ni kwamba mandhari, herufi na nafasi ya nembo visibadilike kati ya posti hizo. Zikitofautiana kwa kila kitu, moja ikishinda hutajua imeshinda kwa picha, kwa maneno au kwa rangi. Brifu itaje pia ushindi utahesabiwaje. Kwa juisi ya Sh 1,000 inayouzwa dukani, alama za kupenda hazisemi kitu. Hesabu inayofaa ni idadi ya watu waliouliza kwenye WhatsApp "mnapatikana duka gani?", na chupa zilizotoka kwenye maduka ya mitaa mitatu wiki ile.

Baada ya kukata yote ya kukatwa, brifu ya dada yetu ingesomeka hivi:

"Tunazindua juisi ya ukwaju, chupa angavu ya mililita 350, Sh 1,000. Tunaongea na mtu wa Sinza, Kinondoni au Ubungo ambaye tayari anakunywa ukwaju wa mtaani na angependa uliofungwa vizuri. Akiona posti afikiri: ni ukwaju uleule ninaoujua, umefungwa. Sauti yetu ni ya jirani, si ya daktari wala ya mwalimu. Tusiukosoe ukwaju wa mtaani. Kizibo chekundu kionekane kwenye kila picha. Rangi ya juisi ibaki ya kweli; shida yetu ni kwamba kahawia inaonekana chafu kwenye simu, tusaidie kuitatua. Tusitumie 'asilimia 100', 'inatibu', alama ya TBS, wala tunda lolote zaidi ya ukwaju. Mawazo matatu, kila moja kwa 1080 x 1350 na 1080 x 1920, jumla faili sita za PNG. Maneno ya kila posti yako ukurasa wa nyuma, yasibadilishwe bila kuuliza. Rasimu Jumatano, marekebisho mara mbili, faili za mwisho Jumatatu. Anayeidhinisha ni mimi peke yangu."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kwenye biashara za kifamilia. Rasimu humfikia bosi, bosi humwonyesha shemeji, shemeji ana mtoto anayejua kompyuta, na kila mmoja ana rangi anayoipenda. Kama wakubwa wana neno, waliseme kwenye brifu kabla kazi haijaanza. Dada wa masoko aketi nao, awasomee, wakubaliane. Bosi akija kudai nembo ikuzwe, dizaina hana ubishi nalo, ila swali ni lilelile: je, inamsaidia yule mtu wa Sinza kuona kwamba ukwaju umefungwa?

Maoni juu ya rasimu nayo yapimwe kwa waraka huo. "Sijaipenda" haifanyiki kazi. "Bei haisomeki nikiwa juani" inafanyika kazi. Jaribio lake ni rahisi: ifungue picha kwenye simu ya kawaida, punguza mwanga wa kioo, toka nje saa sita mchana, inyooshe mkono mbele. Usichokiona hapo mnunuzi naye hatakiona.

Ukaguzi mwingine ni wa kalenda. Ukwaju huuzika sana mwezi wa Ramadhani, kwa ajili ya futari, na mwezi huo hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka. Kama posti zitatoka wakati wa mfungo, brifu iseme mapema, ili asionekane mtu anayegugumia chupa katikati ya jua. Picha ya jioni, chupa ikiwa kwenye mkeka pamoja na tende, inatumika mwezi mzima bila kumkwaza mtu.

Limebaki suala la faili. Mwenye chapa ampe dizaina nembo ya vekta, ambayo haipotezi ukali hata ikikuzwa. Ile iliyokatwa kwenye picha ya skrini huja na mraba mweupe nyuma yake. Dizaina naye akirudisha kazi asiitume kama picha ya WhatsApp, kwa kuwa WhatsApp huibana na herufi ndogo huvurugika. Aitume kama dokumenti au kupitia barua pepe, na ajina faili kwa namna inayoeleweka:

```
ukwaju_kizibo_1080x1350_v2.png
```

Na kabla ya malipo ya awali kutoka, muulizane kama bei imejumuisha faili la wazi, lile linaloweza kuhaririwa. Madizaina wengi hulitoza kando, na wana haki ya kufanya hivyo kama halikutajwa. Mwenye chapa anayetaka kubadilisha bei ya Sh 1,000 mwakani bila kuanza upya aliandike kwenye brifu tangu siku ya kwanza.